Uniti za Pampu

Prudensia Byabato alipoacha kazi ya ualimu na kurudi nyumbani kwao Nyakashenyi, kitongoji kilichokaa mgongoni mwa kilima kwenye njia ya kwenda Kibingo, watu walidhani amefukuzwa. Hakufukuzwa. Alikuwa amepata mkataba na mchapishaji mmoja wa Mwanza, wa kutengeneza picha za vitabu ishirini vya watoto wanaoanza kusoma, kila kitabu picha ishirini na nne. Hakuwa mchoraji. Aliandika maneno, na kompyuta ikachora.

Kompyuta hiyo ilikuwa kubwa, sanduku jeusi lenye feni tatu, na ndani yake kadi ya picha iliyokuwa nzito kama tofali. Kaka yake, mfanyabiashara wa Bukoba, alimtafutia ikiwa imetumika. Ilikuwa haihitaji mtandao kuchora. Kazi yote ilifanyika humohumo chumbani. Ilichohitaji ni umeme.

Nyumba ya mama yake ilikuwa bado haijaunganishwa. Nguzo zilikuwa zimefika kwenye nyumba ya pampu, hatua mia mbili kutoka kibanja chao cha migomba, na pembeni mwa pampu kulikuwa na chumba cha stoo ambacho kamati ya maji ilikuwa haikitumii. Mwenyekiti wa kamati, Rwezaura, alimkubalia haraka aiweke kompyuta mle.

"Kompyuta si kitu," alisema Rwezaura. "Pasi ya nguo inakula kuliko kompyuta. Wewe utachangia uniti thelathini kila wiki mbili, tutaziingiza pamoja na za pampu. Mita ni moja, tusisumbuane."

Uniti thelathini zilitosha kabisa mwanzoni. Prudensia alifanya kazi saa tatu au nne kwa siku, akazima, akaenda kumsaidia mama yake kumenya ndizi. Pampu ilisukuma maji kwa muda wa saa nne kila asubuhi kutoka kwenye kisima kirefu hadi kwenye tangi la juu, na kutoka kwenye tangi yalishuka kwenye mabomba sita ya kitongoji. Mwendesha pampu alikuwa Deodatus, mtu mzima wa miaka kama sitini, mwembamba, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka. Kila alipofika alikohoa kwanza mlangoni ili asimshtue Prudensia, naye Prudensia alimwita Ta, kama wazee wa kiume wanavyoitwa kwao.

"Shikamoo, Ta Deodatus."

"Marahaba, mwalimu. Mashine imelala vizuri?"

Aliuliza hivyo kila siku, kama mtu anayeulizia ng'ombe. Kisha alisimama mbele ya mita, akabonyeza, akaandika kitu kwenye daftari lenye jalada la bluu, akawasha pampu. Pampu ilipomaliza alirudi kwenye mita, akaandika tena, akafunga. Prudensia hakuwahi kumuuliza anaandika nini.

Mwezi Julai mchapishaji alianza kumharakisha. Vitabu vitano vilikuwa vimekamilika, kumi na vitano bado. Picha za kitabu cha sita zilimsumbua: msichana wa hadithi alibadilika sura kila ukurasa, mara ana vidole sita, mara ndoo aliyojitwika inaelea pembeni ya kichwa. Prudensia aliposhindwa kurekebisha alichagua njia iliyo rahisi. Aliandika maneno yale yale, akaiambia mashine itoe picha kubwa, kamili, mfululizo, bila idadi, kisha akaenda kulala. Asubuhi alikuta picha elfu nne na kitu kwenye folda. Alizipitia kwa kidole, harakaharaka, kama mtu anayechambua maharage, akapata mbili nzuri.

Njia hiyo ilimkaa. Kuanzia hapo mashine haikuzimwa tena. Mchana alizipitia za usiku huku ikichora nyingine. Usiku ikachora za kesho. Zilimzidi. Kila siku zilizaliwa picha elfu kumi na ushee, na nyingi kati yake hakuzitazama hata mara moja. Alifuta folda nzima kupata nafasi, akaendelea. Hazikuwa zikimgharimu chochote, au ndivyo alivyoona. Karatasi haitumiki, wino hautumiki. Chumba tu kilikuwa cha moto kama jiko, hata akaanza kuacha mlango wazi.

Mwanzoni mwa Agosti, katikati ya kiangazi, umeme wa nyumba ya pampu ulikatika saa tano asubuhi, siku ya saba tangu kamati iingize uniti. Deodatus alibonyeza mita, akakuta sifuri. Tangi lilikuwa na maji ya kufika jioni.

Prudensia alitoka nje akiwa amekasirika. Picha alizokuwa akizisubiri zilikatikia njiani, na mchapishaji alikuwa amempigia asubuhi hiyo hiyo. Kwenye bomba la karibu walikuwa wamesimama wanawake wanane, kumi hivi, na madumu yao ya njano.

"Ta Deodatus, uniti mia moja na ishirini zinaishaje kwa siku saba?" alisema kwa sauti ya darasani. "Zilikuwa zinafika wiki mbili. Kuna mtu anachota maji usiku kumwagilia? Au kuna mtu anauziwa?"

Deodatus alimtazama. Hakuwa mtu wa maneno mengi kwa Kiswahili. Mambo mazito aliyasema kwa Kinyambo, lugha ya kwao. "Sijui zinaishaje, mwalimu," alisema. "Mimi nasukuma kwa saa nne tu. Hazijazidi."

"Basi zimepotea zenyewe?"

Wanawake walisikia. Prudensia aliona kwamba wamesikia, na wakati ule haikumsumbua. Aliingia ndani, akachukua diski ndogo aliyokuwa amenakilia picha zilizokuwa tayari, akapanda pikipiki kwenda Kayanga, ambako kulikuwa na duka la stationery lenye mtandao mzuri. Angeweza kununua uniti chache kwa simu kabla hajaondoka. Aliwaza hivyo akiwa juu ya pikipiki, akajijibu kwamba yeye ameshachangia sehemu yake, na wengine nao wachange. Alikaa Kayanga siku nne kwa mwanafunzi mwenzake wa zamani.

Siku ya tatu tangu mabomba yakauke, Nyirabahire alianguka.

Nyirabahire alikuwa jirani yao wa upande wa chini, mjane wa miaka sabini na kitu, aliyeishi peke yake kwa sababu watoto wake wote walikuwa wakifanya kazi mbali. Kabla ya pampu kuja, kitongoji chote kilichota maji kwenye chemchemi ya bondeni, na njia ya kushuka ni ya changarawe na mteremko mkali. Kwa miaka miwili hakuna aliyeipita na dumu. Yeye alishuka akafika salama. Kupanda ndiko kulikomshinda. Mguu uliteleza, dumu likamvuta, akaangukia nyonga. Walimpandisha kwenye machela ya miti, wakampeleka hospitali, na huko wakasema mfupa wa nyonga umevunjika na kwa umri ule upasuaji ungefanyika mbali, Mwanza. Watoto walipigiana simu siku mbili. Mwishoni fedha hazikutosha, akarudishwa nyumbani kulala kitandani.

Prudensia aliporudi alikuta mkutano umeshafanyika. Mama yake ndiye aliyemsimulia, huku akigeuza ndizi kwenye sufuria bila kumwangalia.

"Wamemwondoa Deodatus."

"Kwa nini?"

"Kwa kuuza uniti. Walisema anauza maji ya usiku kwa wenye bustani." Mama yake alifunika sufuria. "Rwezaura alisema hata mwalimu, aliyesoma, anayeshinda pale kila siku, ameshuhudia. Jina lako ndilo lililotajwa."

"Mimi sikushuhudia kitu! Niliuliza tu."

"Uliuliza mbele ya watu, mwanangu," alisema mama yake. "Na Nyirabahire amevunjika. Watu walitaka mtu."

Pampu ilipewa mwendeshaji mpya, Yustus, mpwa wake Rwezaura, kijana mkubwa mwenye mke na watoto wawili, mpole na asiyejua kitu. Kamati ilichangisha upya, uniti mia moja na ishirini zikaingizwa. Maji yakarudi. Prudensia aliwasha mashine, akaiachia iendelee kama zamani, kwa kuwa vitabu vilikuwa bado kumi na vinne. Siku ya kwanza alijiambia kwamba sasa mambo yametulia. Siku ya saba, saa nne asubuhi, feni zilinyamaza, na pampu ikanyamaza upande wa pili wa ukuta.

Alisimama kwenye kile chumba chenye joto. Yustus hakuwa mwizi. Alikuwa na siku saba tu kazini na hata ufunguo wa valvu alikuwa hajaujua. Ikiwa Yustus hakuuza, basi huenda hata Deodatus hakuuza.

Safari hii alinunua uniti ishirini kwa simu yake mwenyewe, pampu ikawaka. Kisha akampigia Projest, fundi umeme wa Nkwenda aliyewahi kumfungia soketi za kile chumba, akamwomba aje na kifaa cha kupimia.

Projest alikuja mchana wa siku ile ile na kisanduku kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kinachoonyesha umeme unaopita. Alichomeka kompyuta humo, akamwambia aiwashe bila kuchora kitu. Kisanduku kilionyesha wati mia moja na kumi.

"Hapa haifanyi kazi yoyote," alisema Projest. "Imekaa tu na kioo chake. Sasa iambie ichore."

Prudensia alibonyeza. Namba zilipanda, mia tatu, mia nne, zikatulia kwenye mia nne na themanini. Picha moja ilichukua sekunde nane.

"Inachora saa ngapi kwa siku?"

"Zote," alisema.

Projest alitoa simu akapiga hesabu. "Mia nne themanini mara saa ishirini na nne. Uniti kumi na moja na nusu kwa siku." Alielekeza kidole ukutani, upande wa pili. "Ile pampu ni ya kilowati moja na nusu. Ikisukuma saa nne ni uniti sita. Dada yangu, picha zako zinakula karibu mara mbili ya maji ya kitongoji kizima."

"Lakini picha moja ni kitu gani? Sekunde nane!"

"Picha moja si kitu. Picha kumi na tano ndiyo zinafika kuchaji simu mara moja. Ukichora ishirini, hamsini kwa siku, hata nisingehisi. Wewe umechora ngapi?"

Alimwambia. Elfu kumi kwa siku, kwa siku saba, zaidi ya elfu sabini. Projest alicheka kidogo, kisha akaona uso wake akaacha.

"Rwezaura alisema pasi inakula kuliko kompyuta," alisema Prudensia.

"Pasi inakula kuliko, kweli. Kwa nusu saa. Kisha unaizima."

Alipokuwa akifunga vifaa vyake Projest alimshauri ahamishie kazi kwenye kompyuta za kukodi mtandaoni, zile zilizoko kwenye majumba makubwa ya mashine nchi za mbali. "Utaandika maneno hapa, picha ichorwe huko. Hapa hutatumia kitu. Na huko hakuna wa kugombania bomba na wewe."

Jioni Prudensia alikaa nje ya nyumba ya mama yake akisoma kwenye simu kuhusu kampuni moja ya aina hiyo. Ukurasa ulikuwa na maneno mengi ya kupendeza kuhusu mazingira. Alitafuta picha moja inatumia umeme kiasi gani, hakuona. Kuhusu maji palikuwa na aya moja: kwamba mashine zikipata joto baadhi ya majumba hayo huzipoza kwa maji, na sehemu ya maji hayo hupotea hewani kama mvuke, mengine hutumia hewa tu, au huzungusha maji yale yale, inategemea jumba liko wapi na msimu upi. Mahali pengine alisoma kwamba hata mitambo mingi inayozalisha huo umeme hutumia maji. Waliojaribu kukadiria walikuwa wanatofautiana sana, lakini wengi walikubaliana kwamba kwa picha moja ni kidogo mno, pengine kijiko au chini ya hapo. Alizidisha kijiko kwa picha elfu sabini, akapata madumu kumi na saba. Aliitazama ile namba. Haikuwa kubwa kwa mto. Kwa mtu aliyeyapandisha kutoka bondeni moja moja ilikuwa kubwa. Na huko pia, aliwaza, kuna watu wanaofungua bomba asubuhi, sema tu kwamba siwajui majina.

Kesho yake alikwenda kwa Deodatus.

Nyumba yake ilikuwa mwisho wa kitongoji, yenye kahawa mbele na migomba nyuma. Deodatus alikuwa ameanika kahawa kwenye mkeka, anaigeuza kwa mkono. Alimkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni yeyote, akamtolea kigoda. Mke wake, Anonciata, hakutoka ndani.

"Shikamoo, Ta Deodatus."

"Marahaba."

Hakuulizia mashine. Prudensia alimweleza yote, vibaya, akirudiarudia, akianzia kwenye kisanduku cha Projest. Deodatus aliendelea kugeuza kahawa mpaka alipomaliza.

"Naomba nilione lile daftari," alisema Prudensia.

Deodatus alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi nalo. Lilikuwa na mistari iliyochorwa kwa rula. Kila siku ilikuwa na namba mbili: uniti zilizobaki kabla ya kuwasha pampu, na uniti zilizobaki baada ya kuizima. Mwandiko ulikuwa wa mtu aliyeishia darasa la saba na kuupenda. Prudensia alitoa namba ya pili kwenye ya kwanza: sita. Siku iliyofuata, sita. Mwezi mzima, miezi yote, sita, mara moja moja sita na nusu, mpaka mwishoni mwa Julai ilipopanda hadi nane, kwa kuwa mashine ilichora hata pampu ikisukuma. Kisha akatazama kitu ambacho Deodatus hakuwa amekiandika kwa sababu hakuna aliyemwambia akiandike: umeme uliopotea kati ya kuzima pampu leo na kuiwasha kesho. Mwezi Mei, uniti mbili kwa siku. Juni, mbili. Kuanzia wiki ya mwisho ya Julai, tisa, tisa na nusu.

Yote yalikuwa mle. Kila siku ya kosa lake ilikuwa imeandikwa kwa wino wa bluu na mtu yule yule ambaye yeye alikuwa amemwita mwizi.

"Ulilipeleka hili mkutanoni?"

"Nililipeleka."

"Wakasemaje?"

"Rwezaura alisema weka kitabu chako pembeni, namba unaandika mwenyewe." Deodatus alichukua punje moja mbovu ya kahawa akaitupa. "Mimi niliona kwamba zinapungua nikiwa sipo. Nikafikiri mita imeharibika. Sikukufikiria wewe. Niliwaza, mwalimu angejua."

Prudensia alitaka kuomba radhi, na aliomba, lakini maneno yalitoka yakiwa madogo. Deodatus aliyaitikia kwa kichwa. Anonciata alikuwa amesimama mlangoni sasa.

"Utayasema haya watakapokusanyika watu?" aliuliza Anonciata. "Au umeyaleta hapa tu?"

Prudensia alikwenda kwanza kwa Rwezaura, akiwa na daftari na karatasi ya hesabu. Mwenyekiti alisikiliza huku akitazama nje. Aliposikia mara mbili ya pampu alishtuka kweli, kisha akautuliza uso wake.

"Sasa unataka tufanye nini? Yustus ameshaanza. Mkutano umeshaamua, umeandikwa."

"Umeamua kwa uongo."

"Kwa maneno yako, mwalimu." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililomchoma. "Mimi sikumwita mwizi. Wewe ndiye uliyeuliza nani anauziwa. Na ukisema leo ni kompyuta, watu wataniuliza nani aliyeiweka pale kwenye mita ya maji. Lipia mita yako, tukae kwa amani. Yule mzee atapumzika, umri umekwenda."

Mkutano uliofuata ulikuwa Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa nyumba ya pampu. Prudensia aliomba nafasi. Aliongea akiwa amesimama, Kiswahili kwanza, kisha Kinyambo ili wazee wasikose neno. Alisema uniti zimeliwa na picha zake. Alisema Deodatus hakuiba hata moja. Alifungua daftari, akasoma namba za siku kumi.

Mtu wa nyuma akacheka. "Picha gani zinazokula kuliko pampu? Mimi napiga picha kwa simu siku nzima, chaji haiishi."

"Kupiga picha si kama kuitengeneza," alisema Prudensia. "Simu inaona kilichopo. Mashine inaanza bila kitu, inakokotoa mara mabilioni na mabilioni mpaka sura ipatikane. Na mimi niliiacha ikokotoe mchana na usiku, picha elfu sabini, nikatumia chini ya sitini."

Sasa hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja, aliyekuwa kwenye bomba siku ile, aliuliza polepole, "Kwa hiyo Nyirabahire alishuka bondeni kwa ajili ya picha ambazo hukuzitazama?"

"Ndiyo."

"Na Deodatus ulimwambia vile."

"Ndiyo."

Walijadili muda mrefu. Waliamua kompyuta iondoke kwenye mita ya maji siku hiyo hiyo. Waliamua mwalimu aingize kwa miezi mitatu uniti za pampu peke yake. Kuhusu Deodatus, Rwezaura alisema jina lake limesafishwa mbele ya watu wote, na hilo lilipigiwa makofi. Kuhusu kazi, alisema Yustus ameshapelekwa mafunzo wilayani, na kubadilisha watu kila mwezi si utaratibu. Hilo halikupigiwa makofi, lakini hakuna aliyesimama. Deodatus mwenyewe hakuwapo. Alikuwa amekwenda Isingiro, kulima shamba la mtu.

Prudensia alivuta umeme nyumbani kwa mama yake, mita yake mwenyewe, na alisubiri wiki tano kuunganishwa. Wiki hizo tano alizitumia kufanya kazi aliyopaswa kuifanya mwanzo. Alisoma kila hadithi, akachora kwa penseli, kwa mikono yake isiyojua, kila ukurasa: msichana yuko hapa, ndoo hapa, jua linatoka huku. Alipowasha mashine alijua anachotafuta. Aliomba picha ndogo, za haraka na zisizomaliziwa, nne nne, ambazo kila moja ilichukua sekunde mbili hivi. Akipata mpangilio mzuri aliihifadhi namba ya mbegu, ile namba ambayo mashine huanzia nayo, ili arudie picha ile ile bila kubahatisha upya. Vidole vikiharibika alichorewa vidole tu, si picha nzima. Mandhari ya kilima aliitengeneza mara moja akaitumia kurasa kumi. Ile iliyochaguliwa ndiyo peke yake iliyokuzwa na kumaliziwa, na ilipokwisha alizima mpaka kwenye soketi, kwa kuwa sasa alijua kwamba hata ikikaa bure inakula. Kisanduku cha Projest alikinunua, akakiacha kimechomekwa pale ambapo macho yake yangekiona.

Kitabu cha saba kilimaliza uniti moja na robo. Siku nne za kazi, picha ishirini na nne. Alisoma ile namba mara mbili. Kisha akainama juu ya meza, akalia, maana haikuwa imehitaji akili yoyote. Ilihitaji tu kuuliza mapema mashine inakula kiasi gani.

Kazi ya kukuza majalada, ambayo mashine yake haikuiweza, aliipeleka kwa zile kompyuta za kukodi, jalada moja kwa kila kitabu, kwa utaratibu ule ule. Mchapishaji alimwambia kwamba waandaaji wengine wanamtumia picha mia tano ili achague. Alimjibu kwamba yeye atatuma mbili.

Vitabu vya kwanza vilipofika kutoka Mwanza, mwezi Novemba, alichukua kimoja akateremka kwa Nyirabahire. Mvua zilikuwa zimeanza. Bibi alikuwa kitandani upande wa dirisha, amekonda, mjukuu wake wa kike aliyeletwa kumtunza akimwekea mto mgongoni. Hakuwa amesimama tangu Agosti na wote mle ndani walijua hatasimama.

"Shikamoo, Ma Nyirabahire."

"Marahaba, mwanangu. Ndicho hicho?"

Alikifungua kwa mikono miwili, akakishika mbali kidogo na macho. Alitazama kila ukurasa. Kwenye ule wa msichana na ndoo alikaa sana.

"Ni mzuri," alisema. "Huyu ni wa wapi?"

"Si wa popote, Ma. Hayupo."

Nyirabahire aligeuza ukurasa. "Na mimi nilikuwapo," alisema, si kwa hasira, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Alimrudishia kitabu.

Prudensia alikaa mpaka mvua ilipopungua. Alipopanda kilima alikutana na Deodatus njiani, jembe begani, magoti yana udongo mwekundu wa Isingiro. Prudensia alisimama pembeni kumpisha.

"Shikamoo, Ta Deodatus."

"Marahaba," alisema Deodatus, akapita.